Semesta, robo na trimesta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhamisha krediti

Maswali haya huulizwa sana na wanafunzi wa kwetu walioko jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Wengi huanzia vyuo vya jamii, ambavyo watu huku huviita komyuniti koleji, halafu baada ya mwaka mmoja au miwili huhamia chuo kikuu. Jimbo hili ni mfano mzuri kwa sababu mifumo miwili inaishi mtaa mmoja. Vyuo vya jamii vya jimbo hufuata robo, na Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle nacho ni robo. Ukivuka milima kwenda Pullman, kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, unakuta semesta. Majina yanafanana, kalenda ni mbali kabisa.

Semesta na robo zinatofautiana vipi hasa?

Semesta hugawa mwaka wa masomo mara mbili. Kila muhula una wiki 15 hivi za vipindi, halafu mitihani. Unaanza katikati au mwishoni mwa Agosti, unapumzika Krismasi, unarudi Januari, na kufikia Mei umemaliza.

Robo hukata mwaka mzima wa kalenda vipande vinne: vuli, baridi, machipuko na kiangazi. Kila kipande kina wiki 10 hivi za vipindi na wiki ya mitihani. Mwanafunzi wa kawaida husoma vipande vitatu, na kile cha kiangazi ni hiari yake. Masomo huanza mwishoni mwa Septemba na kwisha katikati ya Juni.

Mtu anayetoka semesta akiingia robo hushtuka wiki ya nne, maana mtihani wa kati umeshafika na yeye bado anatafuta kitabu cha bei nafuu. Kwa upande mwingine, anasoma kozi tatu tu kwa wakati mmoja badala ya tano.

Kama robo watu husoma mihula mitatu, si ndiyo trimesta hiyo?

Hapana, na kosa hili limewaponza wengi. Idadi ya mihula haikuambii kitu, angalia urefu wake. Trimesta kamili ni muhula wa miezi minne hivi, kama ule wa Januari hadi Aprili, Mei hadi Agosti, na Septemba hadi Desemba, unaojulikana kwa waliosoma baadhi ya vyuo binafsi vya Kenya. Mihula mitatu ya namna hiyo hujaza mwaka mzima, na anayesoma yote mitatu anamaliza shahada mapema. Robo tatu hazijazi mwaka, zinaacha kiangazi.

Kwa hiyo kwa upande wa krediti, trimesta ndefu ni ndugu wa semesta. Taratibu za serikali ya Marekani za misaada ya wanafunzi nazo huziweka pamoja: semesta na trimesta huhesabiwa kwa krediti za semesta, robo huhesabiwa kwa krediti za robo.

Ila kuna vyuo vinavyojiita vya trimesta huku mihula yao ni ya wiki 10 au 11. Hao, jina waache nalo, lakini mihula yao ina urefu wa robo. Ukitaka uhakika, geuza transkripti upande wa nyuma. Huko ndiko msajili huandika maelezo ya mfumo wa chuo, na utakuta imeandikwa `semester hours` au `quarter hours`. Maneno hayo mawili yana uzito kuliko jina la mfumo.

Krediti moja inapima nini?

Inapima muda. Desturi ya vyuo vya Marekani, iliyoingia hadi kwenye kanuni za serikali kuu, ni kwamba krediti moja ni saa moja darasani kila wiki pamoja na saa mbili hivi za kazi ya nje ya darasa, kwa muhula mzima.

Sasa tazama. Kwenye semesta, saa moja kwa wiki kwa wiki 15 ni saa 15 za darasani. Kwenye robo, saa hiyo hiyo moja kwa wiki 10 ni saa 10. Zote mbili zinaitwa krediti moja. Ni kama kuuza mchele kwa kikombe huku muuzaji huyu ana kikombe kikubwa na yule kidogo: wote wanasema kikombe, na hakuna anayedanganya.

Basi kanuni ya kubadili ni ipi?

Kumi kwa kumi na tano ni theluthi mbili. Hapo ndipo kanuni yote inapotoka:

```
semesta = robo × 2 ÷ 3
robo    = semesta × 3 ÷ 2
```

Kozi ya robo yenye krediti 5 inakuwa 3.33 za semesta, ya krediti 4 inakuwa 2.67, na ya 3 inakuwa 2 kamili. Ukitoka semesta kwenda robo, kozi ya 3 inakuwa 4.5.

Nimekuja na krediti 90, chuo kimeandika 60. Nimedhulumiwa?

Hujapoteza hata dakika moja. Shahada ya kwanza kwenye vyuo vya semesta kwa kawaida ni krediti 120, na kwenye vyuo vya robo ni 180. Ulikuwa na 90 kati ya 180, yaani nusu ya safari. Sasa una 60 kati ya 120, nusu ile ile. Shahada ya miaka miwili ya kuhamia chuo kikuu katika jimbo la Washington imepangwa kwa krediti 90 za robo kwa sababu hiyo.

Swali hili ndilo linaloleta machozi mengi kuliko yote, na ndilo lisilo na tatizo. Kwenye jumla hupunjwi. Balaa liko chini, kwenye kozi moja moja, na huko watu hawaangalii.

Kozi moja moja zina balaa gani?

La kwanza ni desimali. Chuo cha semesta kinasema kila mwanafunzi lazima awe na krediti 3 za historia. Wewe ulisoma historia kwenye robo, krediti 4. Zikibadilishwa ni 2.67. Je, umetimiza sharti au hujatimiza?

Jibu linategemea sharti limeandikwaje. Kama limeandikwa kwa kozi (“kozi moja ya historia”), umepita, na ile 0.33 inayopungua utaijaza kwa kozi yoyote ya hiari kabla ya kumaliza. Kama limeandikwa kwa krediti (“krediti 3 za historia”), umepungukiwa, na mtu anaweza kukuambia urudie somo ulilokwisha kulifaulu.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa na kozi ya krediti 4 za robo, mfumo wa kompyuta wa chuo nilichohamia ukaweka alama nyekundu, na mshauri wa kwanza akaniambia nisajili kozi nyingine ya wiki 15. Mshauri wa pili akasoma sharti lenyewe, akasema kompyuta imehesabu krediti mahali ambapo kitabu cha masharti kinataka kozi. Akaandika barua ya mistari mitatu, alama ikageuka kijani. Tangu hapo huwaambia watu: ukiona nyekundu, usikimbilie kujisajili, omba uonyeshwe sentensi ya sharti.

Kozi za krediti 5 hazina shida hii sana, kwa kuwa 3.33 inapita 3. Vyuo vya jamii vya Washington hupenda kozi za 5, kwa hiyo wengi wanasalimika. Anayetoka sehemu yenye kozi nyingi za 4 ndiye wa kuwa macho.

Halafu kuna kukata desimali. Kozi tisa za krediti 5 ni 45, na kwa jumla zinakuwa 30 barabara. Lakini mtu akibadilisha moja moja na kuandika 3 kila mahali, anapata 27. Krediti tatu zimeyeyuka, sawa na kozi nzima ya semesta. Ukiona transkripti yako mpya ina namba kamili tupu baada ya kuhama kutoka robo, chukua kalamu ujumlishe.

Na balaa la pili?

La pili ni mfululizo uliokatika, na hili ndilo kubwa. Masomo kama kemia, kalkulasi, fizikia na baiolojia hufundishwa kwa mfululizo wa mwaka mzima. Semesta huugawa mwaka huo vipande viwili, robo huugawa vitatu. Maarifa ni yale yale, ila visu vimekata mahali tofauti.

Chukua kemia ya mwaka wa kwanza. Kwenye vyuo vya jamii vya Washington ni `CHEM& 161`, `CHEM& 162` na `CHEM& 163`. (Ile alama ya `&` ina maana: kozi hiyo ina namba moja kwa vyuo vyote vya jamii vya jimbo.) Kwenye chuo cha semesta, kemia hiyo hiyo ni kozi mbili. Ukimaliza `161` peke yake, umesoma theluthi ya mwaka, wakati kozi ya kwanza ya semesta ni nusu ya mwaka. Ukimaliza `161` na `162`, umeipita kozi ya kwanza, lakini umesimama katikati ya kozi ya pili. Utapewa ya kwanza, na ile sehemu ya ziada itaandikwa kama krediti za hiari. Kozi ya pili utaianza upya, wiki kadhaa za mwanzo ukisikiliza mambo unayoyajua.

Kwenye sayansi, maliza mfululizo wote kabla ya kuhama, au hama kabla hujauanza. Kukatiza njiani ndiko kunakogharimu.

Tunaweza kuona mfano wa mtu mmoja mwanzo hadi mwisho?

Tumchukue dada mmoja mwenyeji wa Tanga, anasoma chuo cha jamii karibu na Seattle na anataka uhandisi kwenye chuo cha semesta. Vuli alichukua uandishi wa Kiingereza `ENGL& 101`, kalkulasi `MATH& 151` na kemia `CHEM& 161`. Baridi akachukua `MATH& 152`, `CHEM& 162` na saikolojia `PSYC& 100`. Tuseme chuo chake huhesabu kila kozi krediti 5. Machi imefika, ana krediti 30 za robo, na shangazi yake wa Pullman anamwambia ahame sasa hivi.

Kwa jumla ana krediti 20 za semesta. Uandishi umekuwa 3.33, unatosha sharti la 3. Saikolojia vivyo hivyo. Hadi hapo hana neno.

Kemia yake ni 10 za robo, yaani 6.67 za semesta. Mfululizo wa semesta, tuseme kozi mbili za krediti 4, unataka 8 na unataka mada za mwisho ambazo ziko kwenye `163`. Atapewa kozi ya kwanza, zinabaki 2.67 zisizo na kazi maalumu. Kalkulasi nayo haiko salama: mada ambazo robo imeziweka kwenye kozi ya tatu zinaweza kuwa kwenye kozi ya pili ya semesta. Hili halijulikani kwa kutazama namba, mpaka uweke silabasi mbili mezani.

Sasa tazama kalenda. Akiondoka Machi, chuo cha semesta kiko katikati ya muhula wake ulioanza Januari. Hawezi kuingia. Atakaa nyumbani hadi Agosti. Kumbe robo ya machipuko inaanza mwishoni mwa Machi na kwisha Juni. Akibaki, anachukua `CHEM& 163`, `MATH& 153` na kozi nyingine moja ya krediti 5, anamaliza na 45 za robo, ambazo ni 30 za semesta, yaani mwaka kamili. Kemia inakuwa 15 za robo, sawa na 10 za semesta, mfululizo umefungwa. Na bado ana miezi miwili ya kufanya kazi kabla ya kuripoti Agosti.

Kwa hiyo wala haikuwa shauri la kuchagua kati ya haraka na subira. Siku ya kuanza Pullman ni ile ile.

GPA yangu itabadilika?

Kubadili krediti peke yake hakuigusi. GPA ni wastani uliopimwa kwa krediti, na ukipunguza krediti zote kwa theluthi moja, wastani unabaki pale pale.

Tatizo huja pale mtu anapochanganya transkripti mbili bila kubadilisha, mathalani kwenye fomu ya maombi ya shahada ya uzamili. Tuseme una krediti 45 za robo zenye GPA 3.6 na 30 za semesta zenye 3.0. Ukizijumlisha hivyo hivyo unapata 3.36. Lakini zile 45 ni 30 tu za semesta, kwa hiyo kila chuo kina uzito sawa na wastani wa kweli ni 3.30. Tofauti ni ndogo, ila ofisi ya udahili ikihesabu na kukuta umejipandishia, maelezo ni juu yako.

Jambo jingine: vyuo vingi hupokea krediti lakini havichukui alama zako ndani ya GPA yao. Unaanza na ukurasa mtupu. Kwa aliyevurunda mwaka wa kwanza hiyo ni nafuu, kwa aliyetesa na `A` tupu ni uchungu.

Nikitoka semesta kwenda robo, mambo ni mepesi zaidi?

Kwa krediti ndiyo. Kozi ya 3 inakuwa 4.5, na masharti mengi ya robo yameandikwa kwa 5, kwa hiyo unapungukiwa na nusu krediti hapa na pale. Nusu hizo hujazwa kwa kozi ndogo za krediti 1 au 2, ambazo vyuo vya robo huwa nazo kwa wingi.

Lakini dari lipo. Chuo Kikuu cha Washington, kwa mfano, hakipokei zaidi ya krediti 90 za robo kutoka vyuo vya miaka miwili. Aliyekusanya 70 za semesta kwenye chuo cha namna hiyo ana 105 za robo, na 15 kati ya hizo hazitahesabiwa kwenye shahada. Hesabu kabla ya kujisajili muhula wa ziada “ili niende na nyingi”.

Viza ya F-1 inataka krediti 12. Ni za semesta au za robo?

Zozote. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kanuni inasema zisipungue 12 kwa muhula, ziwe za semesta au za robo. Usizibadilishe. Watu hudhani mwenye robo amependelewa, kwa kuwa 12 zake ni 8 tu za semesta. Wanasahau kwamba yeye hulipa deni hilo mara tatu kwa mwaka: 36 kwa mwaka kati ya 180, na mwenzake 24 kati ya 120. Wote wakishikilia kiwango hicho cha chini watamaliza kwa miaka mitano. Anayetaka minne achukue 15 kila muhula, mfumo wowote ule.

Nina transkripti ya Tanzania. Nizidishe kwa theluthi mbili?

Usithubutu. Theluthi mbili ni baina ya robo na semesta za Marekani tu. Chuo cha Tanzania kina semesta, ndiyo, lakini krediti yake ni kipimo kingine kabisa. Kwa mfumo wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje, na mwaka mmoja una krediti 120. Marekani mwaka huo ni 30 za semesta. Kwa hiyo kozi ya krediti 12 ya Tanzania, ambayo ni sehemu ya kumi ya mwaka, inakaribia 3 za semesta. Yaani unagawa kwa nne.

Ukiingia chuo cha robo, mwaka ni 45, hivyo kozi hiyo hiyo inakaribia 4.5. Na Ulaya, ambako mwaka ni 60 za ECTS, inakuwa 6. Njia ya kushika ni kuuliza kila mara: kozi hii ni sehemu gani ya mwaka mmoja wa chuo nilichotoka? Sehemu hiyo hiyo ipeleke kwenye mwaka wa chuo unachokwenda.

Anayeandika namba rasmi ni chuo kinachokupokea, mara nyingi baada ya kupata ripoti ya taasisi ya tathmini. Hesabu yako ni ya kukusaidia kujua kama walichoandika kina mantiki.

Vyuo vikibadili mfumo wakati mimi niko katikati?

Hutokea. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilihama kutoka robo kwenda semesta mwaka 2012, na vyuo vya jimbo la California vya kundi la CSU vimekuwa vikihama kimoja kimoja. Krediti za kila mtu hubadilishwa kwa kanuni ile ile ya theluthi mbili. Hatari ni ile ile pia: aliyekamatwa katikati ya mfululizo wa kozi tatu. Chuo kikitangaza tarehe ya kuhama, fungua mpango wako wa masomo na utazame kozi ya tatu ya kila mfululizo imeangukia upande gani wa tarehe hiyo.

Nikienda kwa msajili nibebe nini?

Transkripti rasmi yenye ukurasa wa nyuma, na silabasi ya kila kozi ya sayansi na hesabu, ile inayoonyesha mada wiki kwa wiki. Silabasi zihifadhi wakati bado unasoma. Ukishaondoka, anwani yako ya barua pepe ya chuo hufungwa, ukurasa wa kozi hufutwa, na mwalimu wa muda aliyekufundisha keshahamia kwingine.